Kukagua kifungu cha notisi: anwani, barua pepe na siku ya kupokelewa

Kifungu cha notisi hukaa mwisho wa mkataba, na mara nyingi kimenakiliwa kutoka mkataba wa zamani. Hakuna anayekisoma mpaka siku mtu anapotaka kuvunja mkataba. Kazi ya kukikagua haihitaji kumbukumbu ya sheria nyingi. Inahitaji kulinganisha sehemu zinazotakiwa kukubaliana.

Tutumie mkataba wa kubuni. Kampuni ya Nairobi, tuiite Mtoa Huduma, inatunza mitambo ya vyumba vya baridi vya kampuni ya Dar es Salaam, ambayo ni Mteja. Mkataba unaisha tarehe 7 Mei 2025, na utajihuisha wenyewe kwa mwaka mwingine isipokuwa upande mmoja uwe umepokea notisi ya kutoendelea siku zisizopungua 30 kabla ya tarehe hiyo. Mteja ndiye anayetaka kuondoka.

Hatua ya 1: Kusanya kila mahali penye anwani

Usianze na kifungu chenyewe. Fungua faili, bonyeza `Ctrl+F`, utafute alama ya `@`. Hiyo peke yake inakuonyesha barua pepe zote zilizotajwa, hata zile zilizojificha kwenye jedwali la malipo au chini ya sahihi. Kisha tafuta "S.L.P.", halafu "notisi", "taarifa" na "kwa maandishi". Maneno haya mawili ya mwisho ndiyo yanayoibua vifungu vyenye utaratibu wao pembeni, kwa mfano kifungu cha kuvunja mkataba kinachodai barua ya rejesta wakati kifungu cha notisi hakiitaji rejesta kabisa. Ukikuta hali hiyo, mkataba lazima useme kipi kinatawala.

Hatua ya 2: Linganisha na ukurasa wa wahusika

Ukurasa wa kwanza wa mkataba wetu unasema Mtoa Huduma ana ofisi Barabara ya Mombasa, Nairobi, na barua pepe yake inaishia na `.co.ke`. Kifungu cha 19.2 kinampa S.L.P. tu, na barua pepe inayoishia na `.com`.

Kutofautiana si kosa lenyewe. Anwani ya ukurasa wa kwanza mara nyingi ni ya ofisi iliyosajiliwa, na kampuni inaweza kuwa na sababu nzuri ya kutaka notisi ziende kwingine, labda kwa meneja wa mradi. Kosa ni kutofautiana bila mkataba kusema kwamba imekusudiwa hivyo. Uliza upande wa pili kwa maandishi: hizi barua pepe mbili, ipi inafunguliwa kila siku? Ukijibiwa kuwa moja ni ya mfanyakazi fulani, omba anwani ya ofisi au ya cheo, kwa sababu mfanyakazi akihama, sanduku lake linaweza kufungwa bila mtu kukumbuka mkataba.

Angalia pia jina. Kama ukurasa wa kwanza una jina kamili la kampuni na kifungu cha notisi kina jina la biashara tu, rekebisha hapo hapo.

Hatua ya 3: Kila njia iwe na vitu vitatu

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi. Kila njia ya kupeleka notisi inahitaji ruhusa, anwani inayoendana nayo, na kanuni ya lini notisi itahesabiwa kuwa imepokelewa. Chora jedwali. La mkataba wetu linatoka hivi:

| Njia | Ruhusa (19.1) | Anwani (19.2) | Muda (19.3) |
|---|---|---|---|
| Kwa mkono | Ipo | Haipo, ni S.L.P. tu | Upo |
| Kampuni ya vifurushi | Ipo | Haipo | Haupo |
| Rejesta | Haipo | Ipo | Siku 5 za Kazi |
| Barua pepe | Ipo | Inapingana na ukurasa wa 1 | Ikitumwa baada ya saa 11 jioni, Siku ya Kazi inayofuata |

Tarishi hawezi kumkabidhi mtu barua kwenye sanduku la posta, kwa hiyo njia ya kwanza imekufa. Ya pili vilevile, maana kampuni za vifurushi zinataka jengo, ghorofa na namba ya simu ya mpokeaji. Rejesta ndiyo ya ajabu zaidi: ina anwani na ina muda, lakini 19.1 haikuiruhusu. Ni dalili kwamba mtu alifuta njia moja na kusahau mkia wake. Kwa njia nne zilizotajwa, iliyobaki ni barua pepe peke yake, nayo hatuna hakika ni ipi.

Hatua ya 4: Pima kwa kalenda halisi

Kusoma maneno ya muda hakutoshi, weka tarehe. Mteja anatuma barua pepe Ijumaa, 4 Aprili 2025, saa 11 na dakika 40 jioni. Kutoka siku hiyo mpaka 7 Mei ni siku 33, na Mteja anaenda nyumbani akiwa ametulia.

Lakini saa 11 imepita, kwa hiyo notisi inasogezwa hadi Siku ya Kazi inayofuata. Kifungu cha 1 kinasema Siku ya Kazi ni siku yoyote isipokuwa Jumamosi, Jumapili na sikukuu ya umma. Jumatatu, 7 Aprili, ni Siku ya Karume. Tanzania ni mapumziko, Kenya watu wako kazini. Mkataba haukusema sikukuu za nchi gani.

Ukihesabu kwa Nairobi, notisi imepokelewa tarehe 7 Aprili, siku 30 kabla ya 7 Mei, na Mteja amepona kwa uzi mwembamba. Ukihesabu kwa Dar es Salaam, imepokelewa tarehe 8, zimebaki siku 29, na mkataba umejihuisha kwa mwaka mzima.

Dawa ni kusema kwamba Siku ya Kazi hupimwa mahali alipo mpokeaji. Na kama mkataba una nakala ya Kiingereza, hakikisha "saa 11 jioni" huko imeandikwa 17:00, si 11:00.

Hatua ya 5: Andika upya

Mimi hupendelea kuweka anwani mahali pamoja tu, kwenye jedwali la nyuma, na sehemu nyingine zote zielekeze huko. Kifungu kinakuwa hivi:

> 19.1 Notisi itakuwa kwa maandishi na itapelekwa kwa mkono, kwa kampuni ya vifurushi au kwa barua pepe, kwa anwani zilizo kwenye Jedwali la 2 pekee, hata kama anwani nyingine imetajwa popote katika Mkataba huu.
>
> 19.2 Notisi itahesabiwa kuwa imepokelewa: (a) kwa mkono au kampuni ya vifurushi, wakati wa kusainiwa hati ya mapokezi; (b) kwa barua pepe, wakati wa kutumwa, mradi mtumaji hakupata ujumbe kwamba haikufika.
>
> 19.3 Wakati huo ukiangukia baada ya 17:00 au katika siku isiyo Siku ya Kazi mahali alipo mpokeaji, notisi itahesabiwa kuwa imepokelewa saa 09:00 ya Siku ya Kazi inayofuata.

Rejesta nimeiondoa kabisa. Ukiitaka, irudishe kwenye 19.1 na 19.2 kwa pamoja, na Jedwali la 2 liwe na S.L.P. Ongeza pia kwamba upande unaobadilisha anwani utoe notisi ya mabadiliko kwa utaratibu huu huu, na useme yanaanza kutumika lini.

Maneno ya barua pepe hapo juu yanambeba mtumaji: ujumbe ukiangukia kwenye folda ya taka, bado umehesabiwa kuwa umepokelewa. Kama unamwakilisha anayeelekea kupokea notisi, dai nakala ya karatasi ifuate kwa kampuni ya vifurushi, na useme wazi kama saa inaanza kuhesabiwa kwa barua pepe au kwa karatasi.

Kabla ya kusaini, tuma ujumbe wa majaribio kwa kila barua pepe ya Jedwali la 2, usubiri jibu la binadamu, na uweke majibu hayo kwenye faili la mkataba.