Hakiki nambari ya msimbopau kabla ya kupeleka malalamiko KEBS

Umenunua pakiti ya majani chai pale Kibuye, Kisumu, ukaitilia shaka, na sasa unataka kuiripoti kwa Shirika la Viwango, KEBS. Kwanza hakikisha umeisoma vizuri nambari iliyo chini ya mistari. Ukikosea tarakimu moja, malalamiko yako yanaweza kuangukia bidhaa isiyohusika.

Nyoosha pakiti, zima flashi, upige picha ukiacha nafasi upande wa kushoto. Tarakimu ya kwanza hukaa nje ya mistari, na hiyo ndiyo picha nyingi hukata. Ukihesabu 12 badala ya 13 kwenye bidhaa ya hapa nchini, piga tena. Zenye 12 kwa kawaida ni za Marekani na Kanada.

Sasa piga hesabu. Tuchukue nambari ya mfano tu, 6160000123452. Ile 2 ya mwisho ndiyo tarakimu ya uhakiki, iweke kando. Kutoka kushoto, jumlisha ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: 6+6+0+0+2+4 = 18. Kisha ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12: 1+0+0+1+3+5 = 10, uzidishe kwa 3 upate 30. Jumla ni 48. Kufika 50, kumi kamili inayofuata, kunahitaji 2, na 2 ndiyo iliyoandikwa. Jumla ikiishia na 0, tarakimu ya uhakiki ni 0.

Tuseme picha ina ukungu, ile 3 ukaisoma 8. Jumla inakuwa 63, na jibu 7, si 2. Kosa la tarakimu moja halipiti kamwe. Kubadilishana kwa tarakimu jirani hunaswa pia, ila zikitofautiana kwa 5. Hapo sisi Wakenya tuna bahati mbaya, kwa sababu 616 ni kiambishi cha GS1 Kenya, shirika linalotoa nambari hizi nchini: ukiandika 166 mwanzoni, jumla inakuwa 58 na jibu linabaki 2. Kwa hivyo tarakimu tatu za mwanzo zikague kwa macho. Tena, 616 huonyesha kampuni ilikosajiliwa, si lazima bidhaa ilikotengenezwa.

Hesabu ikikataa, linganisha na pakiti yenyewe, si picha. Ikikataa hata hapo, skani mistari kwa simu: mistari ikitoa nambari tofauti na iliyochapishwa, hiyo ni dalili nzito. Ikikubali, usiseme ni halali. Mwigaji hunakili nambari nzima, na hata nambari ya kubuni hupita mara moja katika kumi.

Ndipo utume SM# ikifuatwa na nambari ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora kwa 20023, usome jina la kampuni na bidhaa linalorudi. Lisipolingana na pakiti, piga 1545 bila malipo. Kuwa na picha, risiti, jina la duka, na nambari ya toleo. Pakiti usiitupe wala usiimalize. Bila sampuli hakuna cha kupimwa.