Mkwaju hauwekwi kwenye kipande

Nikisahihisha insha za fasihi hapa Kigoma, kosa hili halikosekani: mwanafunzi ananukuu shairi la tarbia, ubeti wenye mishororo 4, halafu anaandika "mshororo wa 7". Amehesabu vipande, yaani nusu za mshororo. Vitabu vingine huchapa ukwapi na utao kila kimoja mstari wake, basi ubeti unaonekana una mistari 8.

Hesabu mizani kwanza. Kipande kina 8? Unganisha na mwenzake, 16, ndio mshororo. Koma inabaki katikati, mkwaju, yaani alama ya /, unakaa mshororo unapoisha. Mfano (nimeutunga mwenyewe, msicheke):

"Dagaa wameanikwa, mchanga unawachoma / Mitumbwi imeshawekwa, wavuvi wanatazama" (ubeti 3, mishororo 1–2).

Ukivuka kwenda ubeti wa 4, weka mikwaju miwili (//). Mimi nikinukuu mishororo 3 au zaidi naiacha mikwaju: naishusha kila mmoja mstari wake, nasogeza ndani, bila alama za mtajo.

Utenzi ni habari nyingine. Pale mshororo kwa kawaida ni mizani 8 tu, kipande kimoja. Ukiunganisha miwiliwili, namba zote zinaharibika.