Somo: Kufupisha habari ya Kijerumani kwa maneno yako, kupitia kitenzi

Wengi tulio kiwango cha kati, B1 au B2, tunanakili gazeti bila kukusudia. Sentensi ya habari ya Kijerumani hujengwa kwa nomino zilizobebana, na nomino hizo ni ngumu kuzibandua. Ukikutana na "eine Erhöhung des Preises" unaliona kama tofali moja, unalibeba zima na kulipachika kwenye muhtasari wako. Kiswahili hakisemi hivyo. Sisi tunasema nani kafanya nini: wamepandisha bei. Mbinu ninayofundisha hapa inatumia tofauti hiyo.

Tufanye kazi na kifungu hiki. Sentensi nimezitunga mwenyewe kwa mtindo wa magazeti, ila habari ni ya kweli. Deutschlandticket ni tiketi ya mwezi ya mabasi na treni za mjini na za mikoani, nchi nzima ya Ujerumani. Ilianza Mei 2023.

"Die Verkehrsminister der Länder haben sich auf eine Erhöhung des Preises für das Deutschlandticket verständigt. Ab dem 1. Januar 2025 werden monatlich 58 statt bisher 49 Euro fällig. Grund dafür sind die gestiegenen Kosten der Verkehrsunternehmen. Kritiker befürchten nach der Preiserhöhung zahlreiche Kündigungen. Das Ticket sei für viele Pendler dann nicht mehr attraktiv, hieß es."

Hatua ya 1: Soma mara mbili, kisha lifunike. Usomaji wa kwanza usiguse kamusi. Wa pili, tafuta maneno yale tu ambayo bila hayo huelewi nani kafanya nini. Hapa pengine ni "fällig" na "Pendler", yaani mtu anayesafiri kila siku kwenda kazini na kurudi. Baada ya hapo usilitazame tena mpaka hatua ya mwisho.

Hatua ya 2: Andika vidokezo kwa Kiswahili, na kila kidokezo kiwe na kitenzi. Hii ndiyo hatua inayobeba somo zima, kwa hiyo usiiruke hata kama unajiona unaweza kwenda moja kwa moja kwa Kijerumani. Vyangu vilikuwa hivi:

- tiketi inapanda bei
- Januari 2025: unalipa 58 kwa mwezi, zamani ulilipa 49
- mawaziri wa usafiri wa majimbo wamekubaliana
- kampuni za usafiri zinatumia pesa nyingi kuliko zamani
- wakosoaji wanahofia watu watajitoa, haitawalipa tena

Tazama yaliyotokea. "Fällig" imetoweka, imebaki "unalipa". "Gestiegene Kosten" imekuwa "zinatumia pesa nyingi". Matofali yamevunjika yenyewe, bila kuwinda visawe.

Hatua ya 3: Toka kwenye kidokezo kwenda Kijerumani, ukianza na kitenzi. Unalipa: "man bezahlt". Wamekubaliana: "sie haben beschlossen". Wanahofia: "sie machen sich Sorgen, dass". Ukihitaji kitenzi kilichofichwa ndani ya nomino ya gazeti, angalia mwisho wake. Nyingi zenye "-ung" zina kitenzi chake: Erhöhung ni erhöhen, Entscheidung ni entscheiden, Kündigung ni kündigen. Hapo pana shimo moja: kündigen ni kuvunja mkataba au kujitoa, ankündigen ni kutangaza. Silabi moja ya mwanzo hubadili habari yote.

Muhtasari wangu ukawa huu:

"In dem Artikel geht es darum, dass das Deutschlandticket teurer wird. Ab Januar 2025 bezahlt man 58 Euro im Monat, vorher waren es 49. Das haben die Verkehrsminister der Länder so beschlossen, weil die Verkehrsunternehmen mehr Geld ausgeben müssen als früher. Kritiker machen sich allerdings Sorgen, dass viele Pendler ihr Abo kündigen, weil es sich für sie nicht mehr lohnt."

Linganisha na huu, ambao ndio aina ninayoiona mara nyingi: "Die Verkehrsminister der Länder haben sich auf eine Steigerung des Preises für das Deutschlandticket geeinigt." Maneno mawili yamebadilishwa kwa kamusi, lakini mifupa ni ileile. Msomaji yeyote aliyeiona habari ya asili ataitambua papo hapo. Na "Steigerung" haikai vizuri hapo kama "Erhöhung", kwa hiyo umenakili na ukaharibu pia.

Hatua ya 4: Fungua tena habari, weka sambamba. Pigia mstari kila mahali maneno matatu yamefuatana sawasawa. Kwangu imebaki "Verkehrsminister der Länder". Hicho ni cheo, nakiacha. Kingine chochote kingevunjwa upya kwa kurudi kwenye kidokezo cha Kiswahili, si kwenye kamusi ya visawe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, je, Verkehrsunternehmen na Deutschlandticket nazo nizibadilishe?*

Hapana. Majina, vyeo, tarehe, tarakimu na istilahi havina mwenyewe. Ukianza kuiita Deutschlandticket "die Karte für das ganze Land", msomaji atadhani ni kitu kingine. Kinachonakiliwa ni namna mwandishi alivyoyaunganisha maneno.

*Nimeandika "Die Kosten haben die Preise gestiegen" nikakosolewa, lakini sikuelezwa kwa nini.*

Hapa Kiswahili kinakusaidia kuliko unavyodhani. Steigen ni kupanda, erhöhen ni kupandisha. Bei inapanda yenyewe: "Die Preise sind gestiegen", pamoja na sein, bila yambwa. Mtu anapandisha bei: "Die Minister haben den Preis erhöht", pamoja na haben. Kabla ya kuandika, jiulize kama kwenye kidokezo umeweka panda au pandisha. Ulichotaka kusema nadhani ni: "Die Preise sind gestiegen, weil die Kosten höher sind."

*Samahani mwalimu, kwenye "sei … hieß es", kwa nini wewe hukuandika sei?*

Swali zuri sana, maana hapa kosa ni la maana na si la sarufi tu. Kwa "sei" mwandishi anasema: haya ni maneno ya wakosoaji, mimi siyathibitishi. Ukiandika "Das Ticket ist nicht mehr attraktiv", umegeuza dai kuwa ukweli. Mimi nimelihifadhi dai ndani ya "Kritiker machen sich Sorgen, dass", na kwa kuwa msemaji ametajwa, kitenzi cha kawaida kinatosha. Unaweza pia kuanza na "Laut den Kritikern" au "Sie meinen, dass". Ukikuta sei, habe au werde mahali ungetegemea ist, hat au wird, simama, uandike jina la msemaji pembeni ya kidokezo chako.

*Vidokezo vya Kiswahili vinanifanya nipange maneno Kiswahili. Naandika "weil es lohnt sich nicht".*

Hilo ni gharama ya mbinu hii, na linatibika. Ukimaliza, pitia weil na dass peke yake, uhakikishe kitenzi kilichonyambuliwa kimekwenda mwisho: "weil es sich nicht lohnt". Usirekebishe wakati unaandika, utapoteza wazo na macho yatarudi kwenye gazeti.