Somo: Kugawa faida ya kundi la kampuni kwa mauzo, wafanyakazi na mali

Somo hili linafuata fomula ya kugawia kila nchi fungu la faida itakalolitoza kodi, ambayo Tume ya Ulaya iliipendekeza mwaka 2011 na kuirudia 2016. Haikuwa sheria, kwa kuwa mambo ya kodi katika Umoja wa Ulaya yanahitaji nchi zote zikubali, lakini ni nzuri kujifunzia kwa sababu ina vigezo vyote vitatu. Kundi la mfano ni la kubuni: linatengeneza majokofu, kiwanda kipo Polandi, wateja wengi wako Ujerumani, na kampuni tanzu ya Ayalandi inamiliki nembo ya biashara.

Kwa hesabu za nchi moja moja, Ayalandi inaonyesha faida ya euro milioni 90, Ujerumani 20 na Polandi 10. Kampuni za Ujerumani na Polandi zinailipa ya Ayalandi ada ya kutumia nembo, na ada hiyo ndiyo inayohamisha faida.

Hatua ya 1: Pata faida moja ya kundi. Futa mauzo, ada na riba za ndani kwa ndani. Ada ya nembo ni pato Ayalandi na gharama kwa wenzake, kwa hiyo inajifuta yenyewe. Inabaki milioni 120.

Hatua ya 2: Mauzo. Hesabu mauzo kwa wateja wa nje ya kundi tu, na uyaweke kule mzigo ulikofikia. Ujerumani 560, Polandi 200, Ayalandi 40, jumla 800. Yaani asilimia 70, 25 na 5. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanachukua nchi iliyotoa ankara, na ghafla Ayalandi inaonekana ndiyo soko kuu. Tazama hati ya kupokelea mzigo, usitazame ankara.

Hatua ya 3: Wafanyakazi. Kigezo hiki kina nusu mbili, mishahara na idadi ya watu. Mishahara ni milioni 50 Ujerumani, 48 Polandi na 2 Ayalandi. Watu ni 1,000, 2,980 na 20. Ukitumia mishahara peke yake, Polandi inapata asilimia 48. Ukitumia vichwa peke yake, inapata 74.5. Wastani ni 61.25, Ujerumani 37.5 na Ayalandi 1.25. Nusu ya pili iliwekwa ili nchi yenye mishahara midogo isipunjwe. Wafanyakazi wa wakala wanaosimamiwa na kundi nao wahesabiwe, la sivyo kiwanda kizima kinaweza kutoweka kwenye fomula.

Hatua ya 4: Mali. Ni majengo, mashine na magari, pale yanapotumika. Nembo na hataza haziingii, kwa kuwa zinahamishwa kwa saini tu. Ujerumani 60, Polandi 136, Ayalandi 4: asilimia 30, 68 na 2.

Hatua ya 5: Wastani, kisha zidisha.

```
Ujerumani: (70 + 37.5  + 30) / 3 = 45.83%  -> 55.0
Polandi:   (25 + 61.25 + 68) / 3 = 51.42%  -> 61.7
Ayalandi:  ( 5 +  1.25 +  2) / 3 =  2.75%  ->  3.3
```

Jumlisha: lazima irudi 120. Isiporudi, mara nyingi mgao wa kigezo kimoja haufiki 100. Baada ya hapo kila nchi inatoza fungu lake kwa kiwango chake yenyewe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, je, mzigo ukiuzwa nchi ambayo kundi halina kampuni?*
Katika fomula hii mauzo hayo yanagawiwa kampuni zote za kundi kwa uwiano wa wafanyakazi na mali. Bila kanuni hiyo, sehemu ya faida ingebaki bila mwenyewe.

*Kwa nini tusitumie mauzo peke yake? Ni rahisi.*
Ni rahisi, na Kalifornia inafanya hivyo kwa kampuni nyingi tangu 2013. Iowa ilitangulia, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaikubalia mwaka 1978. Lakini rudi kwenye mfano: Polandi ingeshuka kutoka 61.7 hadi 30, ilhali majokofu yote yanaundwa kwake. Kwa maoni yangu huo si mgawanyo wa haki kwa nchi yenye kiwanda. Halafu nchi moja ikitumia mauzo na jirani yake vigezo vitatu, kuna faida inayotozwa mara mbili na nyingine isiyotozwa kabisa.

*Kundi likipata hasara Ujerumani tu?*
Hasara hiyo inapunguza faida ya wote kwenye hatua ya 1, kwa hiyo Polandi nayo inaibeba. Hazina za nchi zililalamikia sana jambo hili.

*Ndugu, naweza kuitumia kwenye ritani ya kampuni tanzu hapa Dar?*
Hapana. Sheria ya Tanzania, kama ya Kenya, inataka miamala ya ndani ya kundi ipangiwe bei ambayo watu wasiohusiana wangekubaliana. Unaweza kuipiga pembeni kama kipimo: tanzu ikiwa na asilimia 20 ya wafanyakazi na mali za kundi lakini asilimia 1 ya faida, anza kukagua ada na riba inazolipa nje.