"Wa kwanza" huandikwa kwa maneno mawili

Ukisita kati ya "chapili" na "cha pili", weka jina la mtu mahali pa namba: kwa kuwa huandiki "kitabu chaAsha", andika "kitabu cha pili". Kiunganishi cha -a ni neno kamili linalofuata ngeli ya nomino, ndiyo maana tunasema mtoto wa tatu, mlango wa tatu, jino la tatu na mahali pa tatu, huku "tatu" yenyewe ikibaki vilevile, tofauti na "watoto watatu" inayotaja idadi. Angalia tu upatanisho wa majina ya jamaa: husemwa "dada yangu", lakini kwa mpangilio ni "dada wa kwanza", kwa sababu anayehesabiwa ni mtu.