Kabla Hujaandika Hatifungani Inayogeuzwa Kuwa Hisa Vitabuni

Soma mkataba wote. Angalia kama idadi ya hisa atakazopewa mwenye hatifungani imepangwa tangu siku ya kwanza. Ikiwa inapanda na kushuka kufuata bei ya soko, simama hapo: haki hiyo ya kugeuza si mtaji, na hesabu yangu haikuhusu.

Tafuta riba ambayo soko lingekutoza kwa hatifungani kama hiyo isiyogeuzwa. Usitumie kuponi, yaani riba iliyoandikwa kwenye mkataba. Kuponi ni ndogo kwa sababu mwekezaji anapewa pia haki ya kuja kuwa mwanahisa.

Kisha gawa fedha ulizopokea kati ya deni na mtaji. Tuseme umepokea shilingi milioni 100 kwa miaka 3, kuponi asilimia 5 kila mwisho wa mwaka, riba ya soko asilimia 12. Thamani ya leo ya ile milioni 100 ya mwisho ni milioni 71.18, ya kuponi tatu ni 12.01. Deni ni 83.19. Kinachobaki, 16.81, ni mtaji. Anza na deni daima, mtaji uupate kwa kutoa.

Mpaka hapo hata mimi nilipatia. Nikafunga faili kwa furaha. Mwaka wa kwanza ulipoisha nikaandika gharama ya riba milioni 5, maana ndizo zilizotoka benki. Mwaka wa pili vivyo hivyo, na deni limeganda palepale 83.19. Mwaka wa tatu tunajiandaa kulipa, mkaguzi akaniuliza kwa upole: mnalipa 100, vitabu vinasema 83.19, hiyo tofauti mliibeba lini? Nikabaki natazama meza.

Nilipaswa kutoza asilimia 12 kwenye deni la mwanzo wa kila mwaka. Mwaka wa kwanza gharama ni 9.98, ukitoa 5 uliyolipa, deni linakua hadi 88.17. Wa pili ni 10.58, deni 93.75. Wa tatu 11.25, deni linafika 100. Faida yetu ya miaka miwili ilikuwa imezidishwa kwa milioni 10.56 kabla ya kodi, na ikabidi tusahihishe hesabu ambazo wanahisa walishazipitisha. Siku hizi najumlisha gharama zote tatu, 31.81, natoa kuponi 15. Isipobaki 16.81, kuna mahali nimekosea.

Ada za wanasheria na mawakala zigawanywe pande zote mbili kwa uwiano. Sehemu ya deni itaisukuma riba juu kidogo ya 12. Riba ya soko ikibadilika mwakani, usigawe upya. Bei ya hisa ikipaa, mtaji uache ulivyo. Na jedwali la miaka yote litengeneze siku ileile ya kutoa hatifungani, uliweke kwenye faili ambalo mrithi wako wa meza ataliona, maana wewe unaweza kuwa umehama.