Kusoma profaili ya mkaguzi wa hesabu wa Zanzibar ukiwa mbali

Mtu mwenye nyumba ya wageni Jambiani au hisa katika kampuni ya mwani Pemba, na mwenyewe anaishi Copenhagen au Toronto, humjua mkaguzi wake kwanza kwa karatasi. Kaka au mjomba aliye nyumbani anamtumia PDF ya kurasa mbili kwa WhatsApp, na ndani yake mna maneno kama haya: “Ofisi yetu ina wataalamu waliobobea, uzoefu wa miaka 15, wateja 500, mali iliyokaguliwa bilioni 80, sekta zote.” Huenda yote ni kweli. Huenda pia nusu yake ni mapambo. Ukijua pa kuuliza utaweza kuyatofautisha bila kupanda ndege.

Tuchukue mfano wa kubuni: dada mmoja na kaka yake wana nyumba ya wageni ya vyumba 12, imesajiliwa kama kampuni, na wanatafuta mkaguzi kwa mara ya kwanza. Profaili hiyo ya hapo juu ndiyo iliyowafikia.

Kitu cha kwanza cha kutafuta ni jina la mtu. Jina la ofisi halitii saini. Ripoti ya ukaguzi hutiwa saini na mkaguzi ambaye sifa zake zinaweza kuulizwa. Tanzania, anayetahini na kusajili wahasibu wenye cheo cha CPA(T) ni Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Zanzibar nayo ina taasisi yake ya wahasibu, wakaguzi na washauri wa kodi, ZIAAT. Muulize mkaguzi namba yake ya usajili, kisha muulize swali la pili ambalo wengi hulisahau: je, ana kibali cha kufanya ukaguzi kwa umma, na ni cha mwaka huu? Kufaulu mitihani ya CPA ni jambo moja. Kuruhusiwa kufungua ofisi na kutia saini ripoti za watu ni jambo jingine, na kibali chake huhuishwa. Mhasibu wa hoteli kubwa mwenye CPA(T) safi kabisa anaweza asiwe na kibali hicho, wala si kosa lake, kwa sababu kazi yake haikihitaji.

Wanadiaspora tuna udhaifu wetu hapa. Tukiona ACCA, cheo cha uhasibu cha Uingereza, tunatulia, maana tumeizoea huko tuliko. ACCA ni elimu nzuri, lakini kwa peke yake si ruhusa ya kukagua kampuni ya Tanzania. Mwenye nayo aulizwe usajili wake wa hapa kama wengine. Na namba utakayopewa usiisome tu na kuridhika. Iandikie bodi yenyewe, au mtume kaka yako akaulize. Mkaguzi wa kweli haoni vibaya kuulizwa, anaulizwa na mabenki kila siku.

Tukija kwenye sekta, maneno “sekta zote” hayakuambii kitu. Ofisi ya watu sita Mlandege au Chake Chake kwa kawaida huwa na ujuzi wa kina wa sekta mbili au tatu: hoteli za shamba, wafanyabiashara wanaoagiza mzigo, SACCOS, au asasi zenye fedha za wafadhili. Kila moja ina mitego yake. Asasi ina masharti ya mfadhili, ambapo pesa ya semina haitakiwi kununua mafuta ya gari. Mwagizaji ana makaratasi ya forodha. Nyumba ya wageni nayo ina wageni wanaolipa kwa dola, kupitia tovuti inayokata kamisheni kabla pesa haijafika benki.

Kwa hiyo dada yetu hana haja ya kuuliza, “Mna uzoefu wa hoteli?” Jibu lake ni ndiyo siku zote. Aulize hivi: mgeni akilipa dola 100 kwenye tovuti, tovuti ikakata 15, nikapokea 85, mapato yangu ni mangapi? Mkaguzi anayejua hoteli atajibu kwamba, nyumba ikiwa ndiyo inayomuuzia mgeni huduma, mapato ni 100, na zile 15 ni gharama ya kamisheni. Ataongeza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba wengi huandika 85 kwa sababu ndiyo inayoonekana benki, kisha wanashangaa mamlaka ya kodi inapowaonyesha takwimu nyingine. Akijibu “inategemea mnavyotaka”, mshukuru na uendelee kutafuta.

Swali la pili la sekta linahusu milango miwili ya kodi. Zanzibar, kodi ya mapato ni jambo la Muungano na inasimamiwa na TRA, wakati VAT ya Zanzibar na tozo za hoteli ziko kwa mamlaka ya mapato ya Zanzibar, ZRA, ambayo zamani ilikuwa ZRB. Ofisi kutoka Dar es Salaam inaweza kuwa hodari sana na bado isiwahi kuingia kwenye ZIDRAS, mfumo ambao ZRA hupokelea ritani, wala isijue risiti za kielektroniki za VFMS zinavyolinganishwa na vitabu vya nyumba. Mwombe akueleze kwa maneno yake jinsi anavyooanisha mauzo yaliyopelekwa ZRA na mapato yanayotangazwa TRA. Kwa nyumba ya wageni, tofauti kati ya takwimu hizo mbili ndiyo chanzo cha barua nyingi zinazoleta maumivu ya kichwa.

Sasa tuje kwenye “wateja 500”. Wengi huipita namba hii haraka, ilhali ndiyo rahisi kuipima.

Kampuni nyingi hufunga mwaka Disemba, na ritani ya mwisho ya kodi ya mapato inatakiwa ndani ya miezi sita, yaani hadi mwisho wa Juni. Ndiyo maana msimu wa ukaguzi ni Januari hadi Juni. Sema ofisi ina mwenye saini mmoja na wafanyakazi watano wa kwenda kwa wateja. Ukitoa Jumamosi, Jumapili na sikukuu, kila mmoja ana kama siku 125 za kazi, hivyo watano wana siku 625. Punguza likizo, ugonjwa, saa fupi za Ramadhani inapoangukia humo, na mitihani ya NBAA ya mwezi Mei, ambayo vijana wa ofisi hizi huwa wanaifanya. Zinabaki kama siku 500.

Ukaguzi wa nyumba ya vyumba 12 yenye vitabu vya wastani unachukua kama siku 15 za mtu mmoja: kupanga, watu wawili kukaa pale siku tano, kufuatilia makaratasi yaliyokosekana, kuandika na kupitia. Gawa 500 kwa 15, unapata 33. Miezi ya baadaye itachukua asasi na waliochelewa, na mwaka mzima ofisi hiyo inaweza kufikisha kaguzi 45, hata 60 kama wateja wengi ni wadogo sana. Kaguzi 500 kwa mwaka zingewapa siku moja kwa kila mteja msimu mzima. Hiyo itakuwa kazi ya kupiga muhuri tu.

Lakini usimhukumu mtu kabla hujauliza. Huenda 500 ni ripoti zote za miaka 15, maana 33 kwa mwaka mara 15 ni 495, na wateja wenyewe ni 30 au 40 wanaorudi kila mwaka. Hapo namba inakaa sawa kabisa, ila neno “wateja” limetumika vibaya. Huenda pia wengi wao ni wenye maduka wanaopelekewa ritani za mwezi, kazi halali ila si ukaguzi. Uliza: kaguzi ngapi mlitia saini mwaka jana, watu wangapi walizifanya, na nani alizipitia? Mwenye kazi halisi huzijua namba hizo kichwani.

“Bilioni 80” nayo haikuonyeshi ukubwa wa kazi kama inavyotaka kukuonyesha. Ni jumla ya mali za wateja, na hoteli moja kubwa ya Nungwi inaweza kubeba 50 kati ya hizo. Kinachokuhusu ni mteja wa kawaida wa ofisi hiyo. Nyumba yetu ya vyumba 12 ina nafasi 4,380 za kulala kwa mwaka. Ikijaa kwa asilimia 55 ni kama 2,400, na kwa dola 60 kwa usiku inaingiza dola 144,000, karibu shilingi milioni 360 tukihesabu dola kwa 2,500. Kama wateja wa kawaida wa ofisi wana mapato ya bilioni tano, wewe utakuwa faili dogo linalopewa kijana mgeni mwezi Juni. Kama ni milioni 200 hadi 800, uko nyumbani. Na hesabu hiyo ya vyumba, asilimia na bei ndiyo mkaguzi mzuri huifanya kabla hajafungua kitabu chochote, ili ajue mapato yaliyoandikwa yana mantiki. Muulize ataanzia wapi, usikilize kama ataitaja.

Ukitaka ushahidi, omba majina ya wateja wawili waliokubali kupigiwa simu. Usiombe ripoti za wengine. Na akikutumia mwenyewe hesabu za hoteli ya jirani ili kukushawishi, huyo ndiye wa kumkimbia, kwa sababu msimu ujao hesabu zako zitakuwa kwenye simu ya mtu mwingine. Siri ya mteja ni sehemu ya maadili ya kazi yake, na ameivunja mbele yako.

Jambo moja zaidi ambalo kaka wa nyumbani hulipinga kwa nia njema: “Yule anayetuandikia vitabu atatukagulia hapo hapo, tupunguze gharama.” Mtu hawezi kukagua alichoandika mwenyewe. Ofisi moja inaweza kutoa huduma zote mbili kwa kampuni ndogo, ila watu wawe tofauti na jambo hilo liandikwe wazi.

Mkikubaliana, taka barua ya makubaliano kabla ya kutuma senti. Itaje kampuni, mwaka unaokaguliwa, jina la atakayetia saini, siku za kazi zilizokadiriwa na malipo. Siku 15 zikiandikwa na bei ikawa ya siku mbili, uliza ni nini kilichoachwa. Iandikwe pia kwamba uthibitisho wa salio mkaguzi atauomba benki mwenyewe, iwe PBZ au nyingine, na jibu lifike kwake moja kwa moja bila kupitia kwa meneja wa nyumba. Kisha omba nakala ya ripoti itumwe kwako siku ileile inayokabidhiwa kaka yako, kwa anwani yako ya barua pepe, ikiwa na tarehe na saini.